Kutafuta “mgodi wa dhahabu”: kazi ya faharasa ya nafasi

Mwandishi wa habari aliyeko Shinyanga anapekua taarifa rasmi za mijadala ya Bunge za mwaka 2017, mwaka wa sakata la makinikia, ambapo makontena 277 yalizuiwa katika Bandari ya Dar es Salaam na migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi ikawa gumzo nchi nzima. Anachotaka ni mahali penye maneno “mgodi wa dhahabu”, yakiwa yamefuatana hivyo hivyo. Akiletewa kila hati yenye neno mgodi, neno wa na neno dhahabu popote pale, atasoma hadi usiku wa manane, maana hayo ni maneno yaliyotapakaa katika taarifa zote za mkoa wake.

Faharasa ya kawaida ya injini ya utafutaji inajua neno fulani limo katika hati zipi, basi. Faharasa ya nafasi inaongeza jambo moja: neno hilo ni la ngapi katika kila hati. Kwa namba hizo peke yake, bila kuisoma hati upya, injini inaweza kusema kama maneno yamefuatana au yamekaribiana.

Tufanye hesabu kwa mkono, kwa sentensi tatu. Kila moja tuichukulie kuwa hati.

Hati 1: Mgodi wa dhahabu wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000.

Hati 2: Mfanyabiashara alinunua dhahabu Kahama kisha akaenda mgodi wa almasi wa Mwadui.

Hati 3: Bulyanhulu ni mgodi wa chini ya ardhi wa dhahabu.

Tukihesabu maneno kuanzia moja, faharasa yetu inakuwa hivi:

```
mgodi    1:[1]    2:[7]     3:[3]
wa       1:[2,4]  2:[8,10]  3:[4,8]
dhahabu  1:[3]    2:[3]     3:[9]
```

Namba iliyo kabla ya nukta pacha ni ya hati, na zilizo ndani ya mabano ni nafasi. Hati zote tatu zina maneno yote matatu, kwa hiyo faharasa ya kawaida ingezirudisha zote. Sasa tunauliza: je, yamefuatana? Mbinu ni kutoa. Nafasi za neno la kwanza la swali tunaziacha zilivyo, za neno la pili tunazipunguza 1, za neno la tatu tunazipunguza 2. Maneno yakiwa yamefuatana sawasawa, namba zao zitakutana.

Katika hati ya 1, mgodi inabaki 1, wa inakuwa 1 na 3, dhahabu inakuwa 1. Zote zimekutana kwenye 1, na hapo ndipo fungu letu la maneno linapoanzia. Katika hati ya 2, mgodi ni 7, wa ni 7 na 9, lakini dhahabu ni 1. Hazikutani, hati inaachwa. Katika hati ya 3, mgodi ni 3, wa ni 3 na 7, dhahabu ni 7. Hapa wa imekutana na mgodi upande mmoja, ikakutana na dhahabu upande mwingine, lakini hakuna namba moja inayoyaunganisha yote matatu. Nayo inaachwa.

Lakini hati ya 3 inazungumzia mgodi wa dhahabu kwelikweli. Maneno “chini ya ardhi” ndiyo yaliyoingia katikati. Hapo ndipo tunapohitaji swali la ukaribu: tunaacha kudai maneno yagusane, tunaweka kikomo cha umbali kati yake. Kutoka mgodi hadi dhahabu ni hatua 2 katika hati ya 1, hatua 4 katika hati ya 2, na hatua 6 katika hati ya 3. Tukiweka kikomo cha hatua 4 bila kujali lipi limetangulia, tunaipata hati ya mfanyabiashara wa Mwadui, ambayo haihusu mgodi wa dhahabu hata kidogo, na tunaikosa ya Bulyanhulu. Tukidai mgodi itangulie dhahabu, kisha tukapanua kikomo hadi 6, tunapata hati ya 1 na ya 3, na ya 2 inatoka. Katika Kiswahili nomino kuu hutangulia na maelezo yake hufuata, kwa hiyo kudai mpangilio kunasaidia kuliko kubana umbali.

Haya yote unaweza kuyajaribu katika PostgreSQL, hifadhidata ya bure iliyoanza kupokea maswali ya maneno yaliyofuatana katika toleo la 9.6, mwaka 2016. Alama `<->` inadai maneno yagusane, na `<2>` inadai umbali wa hatua 2 kamili, si pungufu wala zaidi. Ukitaka “hadi 6”, itakubidi uandike kila umbali na kuuunganisha na mwenzake kwa alama ya “au”.

Tatizo kubwa linajitokeza kwenye hati ndefu. PostgreSQL haihifadhi zaidi ya nafasi 256 za neno moja katika hati moja, na hesabu ya nafasi inaishia 16383. Taarifa ya kikao cha siku nzima cha Bunge inaweza kuvuka vikomo vyote viwili. Neno wa linamaliza mgawo wake katika kurasa za mwanzo tu. Kuanzia hapo, “mgodi wa dhahabu” ikitamkwa jioni, injini inaijua mgodi, inaijua dhahabu, lakini wa iliyo katikati haina namba. Fungu halipatikani, na hakuna onyo lolote linalotokea. Dalili yake ni kwamba ukitafuta neno mojamoja hati inakuja, ukitafuta maneno yaliyofuatana haiji, ilhali kwa macho yako unayaona ukurasani. Hakikisha kwa swali hili, ambapo `matini` ni safu yenye maandishi na `taarifa` ni jedwali lako:

```sql
SELECT t.id, cardinality(u.positions)
FROM taarifa t,
  unnest(to_tsvector('simple', t.matini)) u
WHERE u.lexeme = 'wa';
```

Ikirudisha 255 au 256, orodha imekatwa.

Dawa ziko mbili, na zinakwenda pamoja. Ya kwanza ni kuikata taarifa ya siku kwa mchango wa kila mbunge, ili kila mchango uwe hati yake na hesabu ianze upya. Hakuna kinachopotea, kwa sababu fungu la maneno haliruki kutoka kinywa cha mbunge mmoja hadi cha mwingine. Ya pili ni kuliacha neno wa nje ya swali, lakini pengo lake libaki:

```sql
to_tsquery('simple', '(mgodi | migodi) <2> dhahabu')
```

Swali hili linanasa “mgodi wa dhahabu” na “migodi ya dhahabu” kwa pamoja. Ngeli ikibadilisha wa kuwa ya, haidhuru, kwa kuwa tunachodai ni nafasi moja katikati, iwe na neno lolote. Litaokota pia “mgodi na dhahabu”, na hilo ni gharama ndogo.

Basi ewe unayejenga kitafutio cha taarifa za Bunge au hukumu za mahakama, usikipime kwa maneno ya ukurasa wa kwanza. Chukua maneno manne yaliyofuatana kutoka ukurasa wa mwisho wa hati yako ndefu kuliko zote, yenye wa au ya katikati, uyatafute. Yasipopatikana, kitafutio hicho bado hakijawa tayari kukabidhiwa kwa watu.