Ngano Zilizochapwa na Kinywa cha Msimulizi

Wako watu wazima wengi, hasa mijini, ambao wamekwisha kuwa mabibi na mababu, lakini ngano walizozisikia utotoni zimewabakia vipande vipande tu. Wajukuu wakiwazunguka jioni na kudai hadithi, wao hukumbuka mwanzo wake na jina la mnyama mmoja au wawili, kisha hukwama. Ndipo huenda kutafuta kitabu. Katika makala hii tunakusudia kuchunguza ni kitabu cha namna gani kinachomfaa msimulizi kama huyo, na jinsi ya kukitumia asije akaacha kuwa msimulizi akawa msomaji tu wa maneno ya wengine.

Kwanza yafaa tuelewe kitabu cha ngano ni kitu gani. Mfano mzuri ni mkusanyo wa Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyeandika ngano za Kiswahili kutoka vinywani mwa wenyeji wa Unguja na kuzichapisha Uingereza mwaka 1870. Huu ni miongoni mwa mikusanyo ya mwanzo kabisa ya ngano zetu kupigwa chapa, na ngano nyingi zilizomo zimesimuliwa upya katika vitabu vingine tangu wakati huo. Katika dibaji yake Steere aliona jambo ambalo hata leo wakusanyaji wengine hawalizingatii. Alieleza kwamba ngano za watu aghalabu huwa na sehemu ya kuimbwa, ambayo wasikilizaji wote huipokea kwa pamoja. Akaongeza kwamba mara nyingi mifupa ya hadithi imo katika nyimbo hizo, na kwamba maneno yanayoziunganisha msimulizi huyatunga papo hapo.

Maelezo hayo yanatupa kipimo cha kukosolea kitabu chochote cha ngano. Ikiwa wimbo ndio mfupa, na masimulizi ndiyo nyama inayobadilika kila jioni, basi kitabu kinachosema tu kwamba ndege aliimba, bila kutupa alichoimba, kimetupa nyama bila mfupa. Kitabu cha namna hiyo chaweza kusomeka vizuri sana darasani, kwa lugha sanifu na aya zilizopangika, lakini bibi akijaribu kukisimulia ataona kwamba wajukuu hawana mahali pa kuingilia. Watanyamaza, na baada ya muda watasinzia.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kitabu, mtu afungue ngano moja na kuisoma kwa sauti. Ajiulize mambo matatu. Je, wahusika wanasema wenyewe, au mwandishi anawasemea? Je, maneno yanayorudiwarudiwa yameachwa yarudi, au yamefupishwa kwa kusema kwamba mambo yakawa vile vile kama awali? Na je, ngano inakwisha pale kisa kinapokwisha, au imeongezewa funzo ambalo msikilizaji angalilipata mwenyewe? Wahariri huona marudio kuwa ni kasoro, kwa sababu jicho huchoka kusoma jambo lile lile mara mbili. Sikio halichoki hivyo. Kwa sikio, marudio ndiyo ngazi ya kupandia.

Tuchukue ngano moja kutoka katika mkusanyo huo wa Steere ili tuone kazi hii kwa vitendo. Ni ngano ya Goso, mwalimu aliyekuwa akisomesha watoto chini ya mbuyu. Paa aliingia mtini kuiba matunda, buyu likaanguka, likampiga Goso kichwani, naye akafa. Wanafunzi wakamzika mwalimu wao, kisha wakaazimia kumtafuta aliyemwua. Wakamkamata Kusi, yaani upepo wa kusini, wakampiga kwa kuwa ndiye aliyeangusha buyu. Kusi akajitetea kwamba lau angalikuwa na nguvu hizo, asingalizuiwa na kiambaza. Wakaenda kukipiga kiambaza, nacho kikasema kwamba panya hukitoboa. Kutoka kwa panya wakaenda kwa paka, kutoka kwa paka kwa kamba imfungayo, kisha kwa kisu kiikatacho kamba, kwa moto, kwa maji, kwa ng'ombe, kwa inzi, na mwisho wakamfikia paa. Paa alipoulizwa hakuwa na neno la kujibu. Wanafunzi wakaona kimya chake ni ungamo, wakamwua.

Ngano hii huwashinda wasimulizi wengi wanaoanza, kwa sababu mlolongo wake ni mrefu na kiungo kimoja kikisahauliwa vyote vinavyofuata huanguka. Dawa yake si kukariri maneno ya kitabu. Msimulizi ahesabu kwa vidole. Mkono wa kwanza una Kusi, kiambaza, panya, paka na kamba. Mkono wa pili una kisu, moto, maji, ng'ombe na inzi. Vidole kumi vinakwisha hapo, na paa hana kidole. Tena mkono wa pili unaanza na kisu, na kazi ya kisu hapo ni kukata kile kilichofunga mkono wa kwanza. Mtu akiishika hesabu hiyo kwa jioni mbili tatu, kitabu chaweza kurudishwa kabatini.

Baada ya hapo agawe sauti. Kila mshtakiwa huuliza amekosa nini, wanafunzi humjibu, naye hujitetea. Sehemu ya wanafunzi ni ile ile kila mara, nayo wapewe wajukuu. Mara ya kwanza bibi atawasemea, mara ya pili watasema pamoja naye, na mara ya tatu watamtangulia. Washtakiwa wote awaseme yeye, na kila mmoja ampe sauti yake: kiambaza kizito na kivivu, panya mwepesi, moto wa haraka. Mwendo uanze polepole na kuongezeka kadiri vidole vinavyopungua, ili unapofika kwa paa wote wakome ghafula. Kimya cha paa hakina budi kusikika. Msimulizi anayeogopa kimya hicho, akakijaza kwa maelezo, ameiharibu ngano nzima.

Jambo la pili ni kujua kipi chaweza kubadilishwa. Mjukuu anayekulia mbali na pwani pengine hamjui Kusi. Si vibaya msimulizi kutumia upepo unaojulikana kwao. Lakini kiambaza kikigeuzwa kuwa ukuta wa matofali ya saruji kwa nia ya kwenda na wakati, panya hataweza kukitoboa, na mlolongo utakatika. Hapa ndipo tunapotofautisha pambo na mhimili. Pambo ni lile linaloweza kuondolewa bila kitu kingine kutikisika. Mhimili ni lile linalobeba kiungo kinachofuata.

Jambo la tatu, na ndilo zito, ni maana. Wasikilizaji wanajua tangu mwanzo kwamba mwenye kosa ni paa, nao hutamani kuwapigia wanafunzi kelele. Lakini wanafunzi hawatafuti ukweli kwa njia ya haki. Kila wanayemkamata humpiga kwanza, na utetezi anaoutoa hauhusu kifo cha Goso hata kidogo. Unahusu nani ana nguvu zaidi ya nani. Swali la nani ameua limegeuka kuwa swali la nani mkuu, nao hawakutambua. Wakamfikia mkosaji kwa bahati, baada ya kuwapiga kumi wasio na hatia. Na hata huyo mkosaji alikuwa mwizi wa matunda aliyeua bila kukusudia. Je, ngano hii inasifu hukumu yao au inaicheka? Sisi tunaona kwamba inaicheka, lakini msomaji mwingine aweza kupinga. Kitabu kikimaliza ngano hii kwa kuandika kwamba tunajifunza kuwa mwovu hatimaye hukamatwa, kimeufunga mlango huo mbele ya mtoto. Bibi mwenye busara atakwisha pale paa alipokwisha, na kuwaacha wajukuu wabishane hadi watakapolala.

Haya yanatuleta kwenye vitabu vya methali. Mkusanyo unaojulikana sana ni wa S. S. Farsi, wa misemo ya Unguja, uliotolewa mwaka 1958. Vitabu vya aina hiyo vina faida kubwa kwa mwanafunzi anayetafuta maana ya methali asiyoijua. Kwa msimulizi, hata hivyo, vina hatari moja. Methali mia zilizopangwa pamoja hufanana na funguo mia bila makufuli. Methali huishi katika tukio: mtu fulani amefanya jambo fulani, na mwingine anamjibu. Orodha hutuonyesha jibu bila kutuonyesha kilichojibiwa.

Basi msimulizi asivisome vitabu hivyo ili akusanye methali za kubandika mwishoni mwa kila ngano, kama wafanyavyo wengi. Avisome ili atafute methali ambazo zenyewe ni masalio ya ngano. Tunaposema kwamba njia mbili zilimshinda fisi, tumeishika ngano nzima kwa mkia. Fisi alifika njia panda, akasikia harufu ya nyama kutoka kila upande, akataka kuzifuata njia zote mbili kwa pamoja, mguu huu huku na mguu huu kule, mpaka akapasuka. Anayeijua methali pekee ana maneno machache. Anayeijua ngano ana hadithi ya jioni moja, na baadaye, mjukuu anapotaka kushika vitu viwili kwa mkono mmoja, ana haki ya kumwuliza tu kama anamkumbuka fisi. Methali inayokuja siku kadhaa baada ya ngano huingia ndani zaidi kuliko ile inayosemwa papo hapo.

Ngano zenyewe zinatufundisha ufundi huu. Katika mkusanyo ule ule wa Steere, kima aliyeponea chupuchupu kupelekwa na papa ili moyo wake uwe dawa ya sultani anakataa kumrudia rafiki yake. Hamtukani wala hamhubirii. Anamwambia kwamba yeye si punda wa dobi, na papa asipoelewa, anamsimulia kisa cha punda aliyeponyoka kwa simba mara moja kisha akakubali kurudi. Asili ya kisa hicho ni ya mbali, kwani kimo katika Kalila na Dimna, kitabu cha Kiarabu kilichotokana na masimulizi ya Kihindi. Lakini utaratibu wake ndio tunaoutaka: msemo kwanza, kisha swali la msikilizaji, kisha ngano kama jibu. Bibi angoje swali.

Kitabu, hata kiwe bora namna gani, hakiwezi kutupa sauti ya wimbo. Steere aliwahi kusikia ngano za Kiswahili ambazo nyimbo zake zilikuwa katika Kiyao na Kinyamwezi, na baadhi ya waimbaji waliweza kwa shida tu kueleza maana ya walichoimba. Hivyo bibi ambaye wimbo wa ngano anaukumbuka katika lugha ya wazazi wake asione haya kuuimba hivyo katikati ya Kiswahili. Ngano za Unguja zilifanya vivyo hivyo zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Nao walimu wanaowatuma wanafunzi nyumbani kukusanya ngano wawaagize waandike kwanza wimbo na maneno ya kupokea, na jina la lugha yake, kabla ya kuandika kisa. Kisa chaweza kuungwa tena na msimulizi mwingine. Wimbo ukipotea, hapana wa kuurudisha.