Mizania ya Mafungu

Kuna safu moja inayozidi kupotea katika majedwali ya maabara, nami naisikitikia kama mtu asikitikiavyo mti uliokatwa uani kwake. Zamani aliyetenganisha oganeli za seli kwa sentrifuji ya kasi kubwa alimalizia jedwali lake kwa jumla. Upande mmoja aliandika kiasi cha kimeng'enya kilichokuwamo katika rojo la ini kabla ya kazi kuanza, na upande wa pili kiasi kilichopatikana mafungu yote yalipojumlishwa. Namba hizo mbili zikikaribiana, msomaji aliendelea kusoma. Zikiachana sana, mwenye kazi alirudi mezani kabla hajaulizwa. Leo naonyeshwa fungu moja safi, na yaliyobaki yamekwisha kumwagwa kwenye sinki.

Mzee aliyenifundisha kumimina mteremko wa densiti hakuwa mwepesi wa kumwaga chochote. Aliweka sukrosi nzito katika chumba kimoja cha kichanganyio na nyepesi katika cha pili, kisha akaachia mchanganyiko uteremke polepole kwenye ukuta wa mrija, densiti ikipungua kidogo kidogo kutoka gramu 1.27 kwa mililita chini hadi 1.15 juu. Alipomaliza aliuinua mrija mbele ya dirisha akatafuta mawimbi membamba ya mwanga. Akiyaona mahali pamoja tu, alijua pana ngazi mahali palipotakiwa mteremko, naye alianza upya bila kunung'unika. Rota ilipandishwa kasi taratibu, na mwishoni breki haikuguswa, kwa maana mtikisiko wa kusimama ghafla huvuruga kazi ya saa nyingi.

Ndani ya mrija kila oganeli hushuka mpaka inapokuta kimiminika chenye densiti sawa na yake, na hapo hutua. Katika sukrosi, mitokondria za ini la panya hutua karibu na 1.19, lisosomu karibu na 1.22, na peroksisomu chini zaidi, kati ya 1.23 na 1.25. Ukitazama namba hizo utaona shida ilipo: jirani hawa wamekaribiana mno, mikia yao hupandana, na hakuna utepe unaoonekana kwa macho ambao unaweza kuuapia kuwa ni wa mmoja peke yake. Ndiyo maana tunapima vimeng'enya viashiria. Sitokromu oksidesi hukaa katika mitokondria, fosfatesi ya asidi katika lisosomu, katalesi katika peroksisomu. Kila fungu hupimwa kwa vyote vitatu, pamoja na densiti yake kwa refraktomita.

Chuo cha Louvain, Ubelgiji, kwenye maabara ya Christian de Duve, ndipo uaminifu huu kwa hesabu ulipozaa matunda makubwa. Mwaka 1949 walipima fosfatesi ya asidi katika ini lililosagwa kwa upole ndani ya sukrosi, wakapata takribani sehemu moja ya kumi ya kiasi walichotarajia. Wangeweza kusema kipimo kimeharibika, wakamwaga. Waliyaweka mafungu kwenye jokofu, na baada ya siku tano wakapima tena. Kiasi chote kilikuwapo. Kimeng'enya kilikuwa kimefungiwa ndani ya kifuko ambacho utando wake ulizuia kemikali ya kipimo kuingia. Siku zile tano utando ulichakaa, kikajitokeza. Mwaka 1955 kifuko hicho kilipewa jina la lisosomu. Mimi hurudi mara kwa mara kwenye jokofu lile, kwa sababu hapakuwa na picha yoyote ya kuwaongoza. Palikuwa na jumla isiyotimia, na watu waliokataa kuipuuza.

Kisha kukaja suala la oksidesi ya urati. Kimeng'enya hiki kilishuka karibu sana na fosfatesi ya asidi, hata ikaelekea kwamba viwili hivyo ni wakazi wa nyumba moja. Lakini michoro ya mgawanyo wao haikulingana barabara. Tofauti ilikuwa ndogo, ila ilirudi kila mara. Mwaka 1963 Robert Wattiaux na wenzake waliwadunga panya Triton WR-1339, dutu ambayo ini huikusanya ndani ya lisosomu. Lisosomu zilizojaa dutu hiyo zikawa nyepesi, na fosfatesi ya asidi ikapanda juu ya mteremko hadi karibu na 1.12. Oksidesi ya urati haikusogea, na katalesi ikabaki nayo. Hivyo wakazi wawili wakatengana mbele ya macho ya watu, na katikati ya miaka ya 1960 oganeli ya pili ikaitwa peroksisomu. Laiti wangekuwa na mazoea ya siku hizi, wakachukua fungu lenye fosfatesi nyingi kuliko yote na kutupa mengine, ile tofauti ndogo ya michoro isingeonekana kamwe.

Uchaguzi wa kimiminika nao unadai fikra, na naona unafanywa kwa kufuata kilichomo kabatini. Sukrosi ni rahisi na refraktomita huisoma vizuri, lakini inapokuwa nzito hunyonya maji kutoka katika mitokondria, zikasinyaa na kuzidi kuwa nzito, zikasogelea lisosomu. Percoll, ambayo ni chembechembe za silika zilizofunikwa, haizinyonyi maji, nayo hujipanga yenyewe kuwa mteremko rota inapozunguka; lakini chembe zake lazima ziondolewe baadaye, na huvuruga baadhi ya vipimo vya protini. Kwa peroksisomu ningechukua iodiksanoli, maana humo hujitenga vizuri zaidi chini ya mitokondria. Hata hivyo iodiksanoli hufyonza mwanga wa nanomita 240, na hapo hapo ndipo wengi hupimia katalesi kwa kufuata kupungua kwa peroksidi ya haidrojeni. Anayeichagua abadili kipimo, atumie cha rangi ya titani, ama sivyo atasoma kimiminika chake akidhani anasoma kimeng'enya.

Tuseme sasa rojo lilikuwa na vizio 100 vya katalesi, na mafungu ya mteremko pamoja na mabaki yote ya mizunguko ya awali yametoa 96. Hesabu imetimia. Lakini 40 kati ya hivyo vimekaa juu kabisa ya mrija, mahali pa vitu vilivyoyeyuka. Peroksisomu zimepasuka mezani, pengine wakati wa kusaga, na katalesi imevuja. Oksidesi ya urati itathibitisha, kwani katika ini la panya imo kwenye kiini kigumu cha peroksisomu, hivyo huenda chini hata utando ukipasuka. Na kama fosfatesi ya asidi imetoa 160 kwa 100, mtu asishangilie: rojo lilipimwa bila Triton X-100 ya kufungua vifuko, na baadaye mafungu yakafunguka yenyewe. Ni jambo lile lile la mwaka 1949, limerudi kwa mlango mwingine.

Siku hizi peroksisomu huthibitishwa kwa kingamwili moja, juu ya fungu moja, na doa jeusi likionekana kazi imekwisha. Doa hilo halisemi ni sehemu gani ya peroksisomu zote za ini imo mle, wala kama mitokondria zimekuja nazo, wala kama zile zilizopasuka zilikuwa nyingi kuliko zilizosalimika. Majibu hayo yalikuwa katika mafungu ya juu na ya chini, na katika mabaki ya mzunguko wa kwanza, ambayo hayakupimwa na hayapo tena ya kupimwa.