Namna ya kupima heshi ya neno la siri

Tuseme ushirika wa Bambu umemlipa fundi wa Bunia atengeneze tovuti ambayo wanachama wataingia kuangalia hesabu zao. Rangi na picha kila mtu atazikagua. Mimi ningeanza na kitufe cha "nimesahau neno la siri". Mfumo ukikutumia neno lako lilelile ulilosahau, kazi hiyo irudishwe kwa fundi, kwa sababu maana yake seva inalijua. Kama seva inalijua, atalijua pia mfanyakazi aliyenakili hifadhidata na mwizi aliyeingia usiku. Na kwa kuwa watu wengi hutumia neno moja kila mahali, mwizi huyo atalijaribu kwenye barua pepe zao pia. Tovuti nzuri haiwezi kukurudishia neno lako. Inakupa nafasi ya kuweka jipya tu.

Inakutambuaje basi? Kwa heshi. Hiyo ni hesabu inayopokea maandishi yoyote na kutoa alama ya urefu uleule daima. Neno lilelile hutoa alama ileile, lakini kutoka kwenye alama hakuna njia ya kurudi kwenye neno, kama vile jiwe la mgodini likishatwangwa kuwa unga halirudi kuwa jiwe. Seva huhifadhi alama peke yake. Ukiingia kesho, inapiga hesabu upya kwa neno uliloandika na kulinganisha. Tazama MD5, kanuni ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikipewa `12345` kisha `123456`:

```
827ccb0eea8a706c4c34a16891f84e7b
e10adc3949ba59abbe56e057f20f883e
```

Tarakimu moja imeongezwa, na alama nzima imegeuka.

Hapa ndipo wengi huridhika mapema. Mwombe fundi akufungulie jedwali la watumiaji, uangalie safu ya maneno ya siri. Ukiona alama za herufi na tarakimu 32, yaelekea ni MD5. Zikiwa 40, yaelekea ni SHA-1. Zote mbili ni mbovu kwa kazi hii, na ubovu wao ni kasi. Mwizi hahitaji kurudisha alama nyuma. Anakisia neno, anapiga hesabu, analinganisha, na kadi moja ya michoro ya kompyuta hukisia MD5 mabilioni kwa sekunde. Neno la siri la tarakimu sita lina uwezekano milioni moja tu.

Kisha fungua akaunti mbili za majaribio zenye neno moja. Alama zao zikifanana, hakuna chumvi, yaani maandishi ya bahati nasibu ambayo kila mtumiaji huongezewa yake kabla ya hesabu. Pasipo chumvi, kisio moja linapima watumiaji wote kwa mkupuo. Ndiyo yaliyoikuta LinkedIn mwaka 2012: heshi milioni 6.5 hivi za SHA-1 zisizo na chumvi zilianikwa mtandaoni, na nyingi zikavunjwa haraka. Mwaka 2016 ikajulikana kwamba zilizoibwa zilizidi milioni 100.

Kazi nzuri inaonekana hivi:

```
$2a$12$R9h/cIPz0gi.URNNX3kh2OPST9/PgBkqquzi.Ss7KIUgO2t0jWMUW
```

Hii ni bcrypt, iliyotolewa mwaka 1999. `$2a$` ni toleo lake; katika PHP utaona `$2y$`. Herufi 22 zinazofuata `12$` ni chumvi, na 31 za mwisho ni heshi yenyewe. Lakini jicho la mjuzi hutua kwenye `12`: ina maana hesabu inarudiwa mara 4,096, na kila nyongeza ya moja huizidisha maradufu. Kwenye seva ya kawaida hiyo inaweza kuchukua kama robo sekunde, muda ambao mwanachama hausikii. Mwizi mwenye mashine kama hiyo, akitumia kiini kimoja cha kompyuta, atahitaji karibu siku tatu kumaliza tarakimu sita zote za mtu mmoja, kisha aanze upya kwa mwingine. Akiwa na mashine bora atapunguza muda huo sana. Kwa hiyo tarakimu sita bado ni dhaifu. Ukikuta `04` au `05`, dai ipandishwe. Argon2, iliyoshinda shindano la heshi za maneno ya siri mwaka 2015, ni bora zaidi, kwani humlazimisha mwizi kutumia kumbukumbu nyingi ya mashine pia.

Kagua jambo la mwisho ambalo hakuna heshi inayoliponya. Kwetu wengi huweka namba ya simu kuwa neno la siri, na namba hiyohiyo imeandikwa wazi katika safu ya jirani ya jedwali. Mwizi ataijaribu kwanza, na hata bcrypt itamchelewesha robo sekunde tu. Mwambie fundi mfumo ukatae neno la siri linalofanana na namba ya simu au jina la mwenye akaunti, kisha ujaribu mwenyewe kusajili moja.