Jiwe, Sahani na Nta: Uhakiki wa Maandishi Matakatifu katika Somo la Sanaa na Dini Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna maandishi matakatifu yanavyofundishwa pale somo la sanaa linapokutana na elimu ya dini. Hoja yake ni kwamba hati takatifu haiwezi kuhakikiwa kwa umbo la herufi peke yake. Ni lazima pia kuulizwa imeandikwa juu ya nini, na itaishia wapi. Hoja hiyo inajengwa kwa kulinganisha maandishi matatu: nakshi ya mihrabu ya Kizimkazi, kombe linaloandikwa kwa zafarani, na mshumaa wa Pasaka wa Kanisa Katoliki. Msomaji anayekusudiwa ni mwalimu wa Kabonga na vijiji jirani, ambako watoto wa dini mbalimbali huketi dawati moja.

1.0 Utangulizi

Kabonga iko kwenye ukingo wa Ziwa Tanganyika, Burundi inapopakana na Tanzania. Ukivuka mpaka unafika Kagunga. Kiswahili na Uislamu viliufikia mwambao huu katika karne ya 19 kwa njia ya misafara ya biashara iliyotoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi Ujiji, na kutoka Ujiji kwa mitumbwi hadi Rumonge na kwingineko. Wamisionari Wakatoliki nao walifika Rumonge mwaka 1879. Kwa hiyo historia ya dini hizi mbili mahali hapa ina umri unaokaribiana.

Hata hivyo, mwalimu anayetafuta mfano wa sanaa takatifu kwa ajili ya somo lake huelekea kutazama mbali: misikiti ya Istanbul, makanisa ya Roma, majengo ya Misri. Mwambao wa ziwa hauna magofu ya mawe ya namna hiyo. Isitoshe, wakazi wake wengi walilazimika kukimbia mwaka 1972, na wengine tena mwaka 1993 na 2015. Anayekimbia hawezi kubeba ukuta. Somo linalopima sanaa takatifu kwa mawe yaliyodumu linamfundisha mtoto wa Kabonga, bila kutamka, kwamba kwao imani haikuzaa sanaa yoyote. Kipimo hicho ndicho kinachohakikiwa hapa.

2.0 Andiko la Jiwe: Mihrabu ya Kizimkazi

Haki inataka kuanza na jiwe lenyewe, tena lililo bora. Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, pembezoni mwa mihrabu pana ukanda wa maandishi ya Kiarabu kwa khati ya Kufi. Yanataja kwamba jengo liliamriwa na Sheikh Sayyid Abu Imran Musa bin Hasan bin Muhammad, katika mwezi wa Dhulkaada mwaka 500 H., yaani 1107 BK. Msikiti ulijengwa upya katika karne ya 18, lakini maandishi ya kale yalihifadhiwa. Kwa nje jengo ni la kawaida, na mpita njia hawezi kukisia kilichomo ndani.

Herufi za Kizimkazi husimama wima, na ncha zake huchanua kama majani na maua. Samuel Flury, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 1922, aliyaweka maandishi haya katika jadi pana ya Kufi iliyochanua, na wataalamu baadaye waliyalinganisha na yale ya Siraf katika Ghuba ya Uajemi. Ulinganisho huo ulizaa dhana kwamba kazi nzima ililetwa kutoka ng'ambo. Dhana hiyo inapingwa na malighafi yenyewe. Maandishi yamechongwa kwenye tumbawe, jiwe la baharini ambalo huwa laini likitolewa majini na huwa gumu likikauka. Fundi analichonga likiwa bado bichi. Mtindo unaweza kusafiri kichwani mwa fundi, lakini jiwe la namna hii linahitaji mtu anayeijua bahari yake.

Jambo lenye uzito zaidi kwa mhakiki ni usomekaji. Kufi ya namna hii haina nukta za kutofautisha herufi, na majani yanayochanua huzidi kuificha sura ya neno. Hata ajuaye Kiarabu husoma kwa taabu. Ni kosa, basi, kumwambia mwanafunzi kwamba andiko hili liliwekwa ili kutoa taarifa tu, na ni kosa pia kuliita pambo. Liko upande wa kibla, mbele ya kila anayeswali. Pamoja na utukufu wa Mungu limebeba jina la aliyejenga na tarehe. Katika imani ya Kiislamu, msikiti ni sadaka jaria, sadaka ambayo thawabu yake humfikia mtoaji hata baada ya kufa. Sadaka isiyokoma imepewa andiko lisilofutika. Jiwe limechaguliwa na itikadi kabla halijachaguliwa na fundi.

3.0 Andiko la Sahani: Kombe

Ikiwa jiwe ni tamko la imani kwa sababu hudumu, kombe linapaswa kuhukumiwaje, ilhali limeandikwa ili lifutwe? Kombe linajulikana sana Zanzibar na katika mwambao wa Waswahili. Mwandishi hutia udhu, huyeyusha zafarani katika marashi ya waridi au maji, huchovya kalamu ya mwanzi, na kuandika aya za Kurani juu ya sahani nyeupe. Maandishi yakishakauka, sahani huoshwa kwa maji kidogo na mgonjwa huyanywa maji hayo. Wengine huandika kwenye karatasi, kisha wakailoweka ndani ya chupa. Kwa kuwa zafarani ni ghali, wapo wanaotumia rangi ya chakula.

Kila kifaa hapa kina sababu yake. Sahani ni nyeupe ili hati ionekane na ijulikane imekwisha kutoka: maji yakigeuka manjano na sahani ikarudi nyeupe, andiko limehama. Wino wa biro haufai, kwa kuwa hauyeyuki na haunyweki. Uzuri wa mwandiko si sharti, lakini usahihi ni sharti, kwani kinachonywewa ni neno la Mungu. Mgonjwa hahitaji kujua kusoma. Andiko humfikia kwa njia nyingine.

Mhakiki aliyezoea jumba la makumbusho ataona hapa kazi ya sanaa iliyoharibiwa. Ukweli ni kinyume: kombe lisilooshwa ndilo halijakamilika. Kufutwa kwake ndiko kukamilika kwake. Jambo hili lina ndugu yake katika chuo cha Kurani, ambako mtoto aliandika somo lake kwenye ubao wa mti kwa wino, akalihifadhi moyoni, kisha akauosha ubao ili aandike somo jipya. Ubao uliooshwa ulikuwa ushahidi kwamba aya zimepata makao mengine.

Lakini uhakiki wa kweli haufichi mgogoro. Waislamu wenyewe hawakubaliani juu ya kombe. Wapo wanaolitetea kwa kuwa Kurani yenyewe inajieleza kuwa ni ponyo, na wapo, hasa wafuasi wa mikondo ya islahi, wanaoliona ni uzushi usio na msingi katika sunna. Kwa pande zote mbili Kurani ni takatifu. Wanachobishania ni kama utakatifu huo unaweza kupita kwenye wino na maji. Hilo ni swali la kitheolojia ambalo somo la sanaa haliwezi kulitolea hukumu, ila linaweza kulionyesha kwa uwazi kuliko somo jingine lolote.

4.0 Andiko la Nta: Mshumaa wa Pasaka

Andiko lipoteapo si mali ya Uislamu pekee. Katika Mkesha wa Pasaka, padre huchora msalaba kwenye mshumaa mkubwa wa nta, herufi ya Kigiriki Alfa juu ya msalaba, Omega chini yake, na tarakimu nne za mwaka katika pembe nne za msalaba. Punje tano za ubani huweza kuchomekwa kuwakumbusha waumini madonda matano ya Kristo. Kisha mshumaa huwashwa kwa moto mpya.

Hapa pia ipo tarehe, kama Kizimkazi, lakini ni tarehe yenye kusudi jingine. Tarehe ya mihrabu inahifadhi tendo lililokwisha kutendwa. Tarehe ya mshumaa inatamka kwamba mwaka unaoendelea ni wa Kristo, na mwaka unaofuata utaandikwa kwenye mshumaa mwingine. Alfa na Omega hutaja mwanzo na mwisho usio na wakati, lakini huchorwa kwenye kitu kinachopungua kadiri kinavyotoa mwanga. Mwanafunzi anayejua kwamba Kristo katika imani hii anaangaza kwa kujitoa ataelewa kwa nini nta inafaa kuliko shaba.

Kufanana kwa kombe na mshumaa kusizidishwe. Andiko la kombe huingia mwilini mwa mtu mmoja kwa haja yake. Andiko la mshumaa huwaka mbele ya kusanyiko lote, na halinywewi wala halitarajiwi kuponya. Tofauti hii ndiyo faida ya ulinganisho.

5.0 Maandishi Matatu Darasani

Kutokana na uhakiki huu, mpangilio wa somo unajitokeza wenyewe. Mwanafunzi aongozwe kwa maswali matatu kwa kila andiko: limeandikwa juu ya nini, nani hulisoma au hulipokea, na mwisho wake ni upi. Majibu yakikamilika ndipo aulizwe itikadi gani inaeleza majibu hayo. Akianza na itikadi, ataifanya sanaa kuwa kielelezo cha jambo alilokwisha kulikariri.

Hatari iko kwenye zoezi la vitendo. Ni desturi kuwapa wanafunzi karatasi wanakili jina la Mungu kwa Kiarabu, kisha karatasi zikaishia kwenye pipa la taka. Kwa mtoto wa Kiislamu hilo ni tusi, kwa kuwa nyumbani amefunzwa kwamba karatasi yenye jina hilo huzikwa au huchomwa kwa heshima. Mwalimu atakuwa amefundisha umbo na kuukanusha mwisho wake katika kipindi kimoja. Njia salama ni kuwapa wanafunzi majina yao wenyewe, wayaandike kutoka kulia kwenda kushoto, waone jinsi herufi inavyobadilika ikishikwa na jirani yake. Vivyo hivyo kombe lisiigizwe wala mshumaa usichorwe kama mchezo. Yatosha kuwauliza wanaoyajua wayaeleze, bila kudhani kwamba kila mtoto wa Kiislamu amewahi kunywa kombe au kila Mkatoliki ameutazama mshumaa kwa karibu.

6.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba kudumu si kipimo pekee cha sanaa takatifu. Jiwe la Kizimkazi linadumu kwa sababu imani iliyoliandika ilitaka lidumu. Kombe na mshumaa hutoweka kwa sababu imani zilizoviandika zinataka vitoweke. Mwambao usio na mawe ya kale si mwambao usio na maandishi. Maandishi yake yamo katika bao zilizooshwa, sahani zilizorudi kuwa nyeupe na nta iliyokwisha kuwaka, na mhakiki anayetaka kuyafikia hana budi kuwauliza watu kabla ya kuzitafuta kuta.