Utalipwa, au utaulipa?

Chama cha akiba na mikopo kinataka video fupi ya kuwaeleza wanachama wake jambo jipya. Maandishi yanayofika studio huwa ya namna hii:

“Ushirika unapenda kuwataarifu wanachama wake kuwa utaratibu wa uwasilishaji wa maombi ya mikopo ya dharura kwa njia ya simu ya kiganjani umeboreshwa kwa lengo la kurahisisha upatikanaji wa huduma hiyo.”

Msomaji wa sauti, hata awe hodari vipi, hawezi kuiokoa sentensi hii kwa kuchangamka. Kati ya “utaratibu” na kitenzi chake “umeboreshwa” kuna maneno 14. Anayesoma kwa macho anaweza kurudi nyuma. Anayesikiliza anabeba maneno yote hayo akisubiri kujua utaratibu umefanya nini, na mwisho anaambiwa “umeboreshwa”, yaani bado hajaambiwa kitu.

Wengi wakiombwa kuilainisha hunyunyizia “basi”, “sasa”, na “si unajua” hapa na pale. Matokeo yake ni barua ya ofisi inayojaribu kuchekesha. Afadhali kuanza na swali: ni nani anayefanya nini? Hapa mtenda ni mwanachama, na anachofanya ni kuomba. Ila kuomba kwake kumefichwa ndani ya “uwasilishaji wa maombi”, na kupata kwake ndani ya “upatikanaji”. Yarudishe kuwa vitenzi, na sentensi ndefu inakatika yenyewe:

“Umepata dharura? Huna haja tena ya kuja ofisini kuomba mkopo. Unaomba kwa simu, hapo hapo ulipo.”

“Hapo hapo ulipo” imewekwa mwisho kwa makusudi. Mkazo wa neno la Kiswahili karibu kila mara hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na msomaji hawezi kuuhamisha apendavyo. Uzito unatoka zaidi kwenye mpangilio: neno kuu likae kabla ya kituo, au lishikwe na “ndiyo” au “ndipo”. Mwandishi asipoupanga, msomaji ataongeza sauti tu, na kuongeza sauti si kuzungumza.

Ukishahamia nafsi ya pili unakutana na mtego ambao maandishi ya ofisi hayakuwa nao. Aya iliyofuata ilisema: “Mkopo utalipwa ndani ya miezi sita.” Kata sentensi fupifupi, uache jina “mkopo” lililokwisha kutajwa, na unabaki na “Utalipwa ndani ya miezi sita.” Mwanachama aliyezoea kuitwa “wewe” tangu mwanzo anasikia kwamba yeye ndiye atakayelipwa! Kiambishi “u” cha mkopo na “u” cha wewe vinasikika sawa, na hakuna lafudhi itakayovitenganisha. Dawa ni kumrudisha mtenda na kukiacha kitendwa kionekane ndani ya kitenzi: “Utaulipa ndani ya miezi sita.” Kwa sababu hiyo, kila “u” inayoanzisha kitenzi hukaguliwa upya baada ya kubadili nafsi, hasa penye mkopo, mkataba na muda.

Upo pia mpaka ambao mwandishi havuki. “Mkopo utatolewa ndani ya saa 24 baada ya maombi kuidhinishwa” inavutia kufupishwa kuwa “Unapata hela ndani ya saa ishirini na nne.” Inasomeka vizuri, lakini ni ahadi nyingine kabisa, kwa sababu saa zilihesabiwa tangu kuidhinishwa, si tangu kuomba. Sharti linatangulia, sauti inapumua, kisha muda: “Maombi yakishaidhinishwa, hela zinaingia ndani ya saa ishirini na nne.” Tarakimu nazo huandikwa kwa maneno kwenye nakala ya msomaji. TSh 500,000 iwe “shilingi laki tano”, la sivyo mmoja atasoma “mia tano elfu” na mwingine ataruka kwenye Kiingereza.

Wateja wengine huiogopa nafsi ya umoja, wakisema wazee wataona wamevunjiwa heshima. Kwa maoni yangu, kinachokera si “wewe” bali amri tupu zinazofuatana: bonyeza, ingiza, thibitisha. Fungua na “ndugu mwanachama” mara moja, kisha eleza kama anayeonyesha: “Unafungua menyu, unachagua mikopo, halafu unaweka kiasi.”

Kabla ya kurekodi, mpe mtu asiyeyajua maandishi asikilize mara moja, bila karatasi. Usimuulize kama yamempendeza. Muulize mkopo unalipwa na nani, na saa ishirini na nne zinaanza lini. Akisita kwenye swali la pili, mara nyingi sharti limekaa baada ya muda, na linahitaji kupandishwa mbele.