Methali ya Nahodha Mlimani

Kwetu visiwani methali ya manahodha wengi na chombo kwenda mrama haihitaji sherehe. Lakini ipandishe bara hadi Hanang, katika mashamba ya ngano ya Basotu, aitamke kijana aliyeteuliwa jana kuwa msimamizi wa wenzake. Bahari wataikisia; hilo halina shida. Shida ni maana. Mtu aliyekula nao ugali wiki iliyopita anafungua kinywa, na neno lake la kwanza ni kuwaambia kwamba nahodha ni mmoja. Methali imekwisha kuamua kabla hajaeleza kazi, na msikilizaji hakuachiwa neno la kujibu.

Wengi hukimbilia "Cheo ni dhamana". Hii ina nasaba: ni mojawapo ya ahadi za mwanachama wa TANU, nayo CCM iliirithi mwaka 1977. Uzuri wake ni kuwa dhamana ina mwenyewe, na mwenyewe aweza kuidai. Lakini ahadi ile haiishii hapo. Huendelea kwa kiapo cha kutotumia cheo kwa faida ya nafsi. Msemaji akiikata katikati, wenzake waliokariri ahadi hizo shuleni huimalizia kimoyomoyo, huku wakimtazama. Afadhali aimalize mwenyewe, kisha ataje jambo: nani atapangwa zamu ya usiku, na kama jina lake mwenyewe limo.

Ujasiri zaidi umo katika "Aliye juu mngoje chini". Hii kwa kawaida ni methali ya wasio na cheo, husemwa mgongoni mwa mkubwa. Msimamizi akiitanguliza mwenyewe huwapokonya wenzake sindano, nao hucheka. Ila asiitumie iwapo aliyekosa cheo hicho yumo kikaoni: kicheko kitamwelekea yeye, nao uchungu utabaki.

Mbulu kuna fani inayotufundisha zaidi ya methali hizi. Wairaqw wana slufay, dua ya kishairi ambayo mzee huisema mbele ya mkutano, na waliohudhuria huitikia kila anapotua. Bila kiitikio haikamiliki. Sisemi msimamizi aiige. Ni fani ya wazee na ya ibada, na kijana akiijaribu kazini ataonekana mtovu wa adabu. Tena katika kundi moja la Hanang huenda wamo Wabarabaig, Wairaqw na Wanyaturu, ambao Kiswahili tu ndicho kinachowakutanisha. La kuazima ni kule kutua.

Basi na aanze hivi: "Wenzangu, najua mwasema aliye juu mngoje chini. Ngazi hii mliishika ninyi nikapanda. Zamu za Jumamosi hazijapangwa. Nataka kusikia kwanza." Kisha anyamaze. Wengi hapo hushindwa kustahimili kimya, wakaongeza methali ya pili, na ya tatu, mpaka aliyekuwa karibu kusema akafunga mdomo.