Kilo ya usipa na kikombe cha uji

Bajeti ya kikundi kinachofanya biashara ili kugharamia huduma huwa na kasoro moja ambayo mkaguzi wa hesabu huipita bila kuiona. Kikundi hukokotoa mauzo yanayotosha kurudisha gharama za biashara, kisha huandika chini yake kwamba faida yote itakwenda kwenye huduma. Kimahesabu hakuna kosa hapo, ila mtoto anayesubiri huduma hiyo hajaingia kwenye hesabu. Yeye ni salio.

Tulitazame hili kwenye usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa. Chukua kikundi cha mfano cha akina mama wa Mbamba Bay. Wananunua usipa mbichi asubuhi mitumbwi inaporudi, wanauanika kwenye chanja, wanaupakia na kuupeleka madukani Mbinga mjini. Kilichowakutanisha si samaki. Ni uji wa watoto wa chekechea ya kijiji, unaogharimu shilingi 4,800,000 kwa mwaka. Tarakimu zote nitakazotumia ni za mfano. Anayefanya kazi hii aweke za kwake.

Tuseme muuza duka ananunua kilo moja ya usipa mkavu kwa shilingi 12,000. Ili kupata kilo hiyo kikundi kinahitaji kilo nne za samaki mbichi, kila moja shilingi 1,500, kwa hiyo 6,000 zimekwisha kabla jua halijachomoza vizuri. Kuanika, kugeuza na kuchambua ni 1,000. Mfuko na lebo ni 400, nauli ya mzigo 600. Jumla ni 8,000, na kila kilo inabakiza mchango wa 4,000. Hiyo 4,000 ndiyo inayobeba kila kitu kingine: mshahara wa mtunza ghala na hesabu, pango, ukarabati wa chanja, leseni na simu, jumla shilingi 5,400,000 kwa mwaka, iwe wameuza kilo mia au elfu tatu.

Gawanya 5,400,000 kwa 4,000, unapata kilo 1,350. Hapo biashara imerudisha gharama zake. Vikundi vingi huishia hapa na kupiga makofi. Sasa ongeza uji juu, ndipo ugawanye:

```
(5,400,000 + 4,800,000) / 4,000 = 2,550
```

Kati ya kilo 1,350 na 2,550 kikundi kina faida lakini sufuria la uji halijajaa. Mstari wa kwanza, wa kilo 1,350, unaonyesha kama biashara itaishi, na wa pili, wa 2,550, kama kuna sababu ya kuwa nayo. Ningeiandika yote miwili kwenye ukurasa wa kwanza wa bajeti, mmoja juu ya mwingine.

Neno moja kuhusu ile 1,000 ya kuanika. Mara nyingi wanachama hugeuza samaki wenyewe bila malipo na gharama hiyo haiandikwi popote. Mchango wa kilo hupanda hadi 5,000, na kilo 2,550 hushuka hadi 2,040. Inapendeza kwenye karatasi. Kisha kahawa inaiva milimani Umatengo, wanachama wanapanda kwenda kuchuma, na inabidi kutafuta vibarua ambao bajeti haikuwajua. Kazi ya kujitolea iandikwe kwa bei ya kibarua, hata kama mwaka huu hakuna atakayelipwa.

Linalofuata ni swali la ziwa: je, kilo 2,550 zinapatikana? Usipa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi unapong'aa taa haivuti samaki. Mvua za Ruvuma, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, hazikaushi kitu. Tuseme imebaki miezi saba ya kuanika, kila mwezi mizunguko kumi na miwili, kila mzunguko kilo 40 kavu. Hizo ni 3,360. Lakini katikati ya mwaka upepo wa kusini huchafua ziwa na mitumbwi hulala ufukweni. Miezi miwili ikitoa nusu tu, zinabaki 2,880. Bado ni juu ya 2,550, kwa kilo 330.

Kilo 330 zinaonekana nyingi mpaka uhesabu uharibifu. Samaki aliyepata wingu mchana kutwa hunuka, akawa wa kutupa. Ikiharibika kilo moja katika kumi, 7,000 ya ununuzi na kuanika imetoka kwa kilo zote kumi, ila zinauzwa tisa. Gharama ya kilo nzima inapanda hadi kama 8,780, mchango unashuka hadi 3,220, na mstari wa uji unaruka kutoka 2,550 hadi karibu 3,170. Kilo nzima zilizobaki za kuuza ni 2,592. Uji umeshindikana.

Mstari wa biashara wenyewe umepanda hadi kama 1,680 tu, mbali chini ya mauzo. Kitabu cha mwaka kitaonyesha ziada ya karibu shilingi 2,950,000, na mwenyekiti atasoma taarifa nzuri mkutanoni. Lakini uji wa 4,800,000 umepungukiwa karibu milioni mbili. Hali hii ni mbaya kuliko hasara ya wazi, kwa sababu hasara ya wazi humshtua kila mtu.

Dalili huonekana mapema kwa anayepima. Mizani ipime mara mbili, samaki mbichi wanapoingia na wakavu wanapotoka kwenda dukani, na uwiano uandikwe kila mzunguko. Ukitoka nne kwa moja ukaelekea nne na nusu kwa mizunguko mitatu mfululizo, usingoje mwisho wa msimu. Kwa sababu ya uwiano huohuo bei ya ufukweni ni hatari sana: mvuvi akiongeza shilingi 300 tu kwa kilo mbichi, mchango wa kilo kavu unapungua 1,200.

Si kila biashara ya jamii iko hivi. Kijijini Kindimba, kwenye milima ya Umatengo wilayani Mbinga, mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanakijiji walijenga mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji, kwa ushirikiano na mradi wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Kijapani. Mashine ya maji hainywi dizeli. Gharama yake karibu yote ni ya kudumu: mfereji, mtambo, fundi, msagishaji. Ukishavuka mstari, kila debe la ziada linaingia karibu lote mfukoni. Tatizo la mashine kama hiyo ni kupata wateja wa kutosha. La usipa ni kwamba hata wateja wakijaa, theluthi mbili ya kila shilingi imeshakwenda kwa mvuvi, kibarua, mfuko na gari.

Limebaki suala la kalenda, na hapa sina subira na bajeti nyingi. Mwaka wa shule huanza Januari, wakati chanja zimelowa na hakuna kinachouzwa. Kikundi kinachoahidi uji wa Januari kwa usipa wa Juni kinakopa kwa ziwa. Ni afadhali ziada ya msimu uliokwisha Novemba ndiyo ipange ukubwa wa uji wa mwaka unaofuata. Kwa mfano wetu, 2,950,000 hulipa uji wa siku tatu kwa wiki badala ya tano. Wazazi waambiwe siku hizo tatu mwezi Desemba, kabla ya kuandikisha watoto.